Damu, Muda au Duma? Kutafuta Kasoro Katika Mafumbo ya Herufi ya Somo la Msamiati

Karatasi ninayoizungumzia hapa ina maneno 10 ya somo la mwili: DAMU, MATE, KAMASI, KIFUA, SHAVU, KWAPA, KISIGINO, MKONO, UNYAYO na KICHWA. Nusu ya juu ni maneno yaliyovurugwa herufi, kila moja na kidokezo chake. Nusu ya chini ni jedwali la herufi la visanduku 12 kwa 12, ambamo maneno yaleyale yamefichwa. Ukiitazama haraka huoni tatizo. Mara ya kwanza nilipoigawa darasani ilikwama sehemu nyingi, na karibu kila mara kasoro ilikuwa yangu niliyeitunga, si ya mwanafunzi aliyekuwa akiifumbua. Nitazieleza kasoro hizo kwa namna zilivyojionyesha.

Wanafunzi wana majibu tofauti, na yote ni maneno halali

Hii ndiyo kasoro ninayokutana nayo kuliko zote. Uliandika A D M U ukitaka DAMU. Mmoja kaandika MUDA, mwingine DUMA. Hakuna aliyekosea herufi hata moja.

Chanzo kiko katika Kiswahili chenyewe. Silabi zetu nyingi ni konsonanti moja na irabu moja, na irabu ni tano tu, kwa hiyo ukizichanganya silabi unaangukia neno jingine kwa urahisi. KAMASI nililiona neno salama kabisa kwa sababu lina herufi sita. Kumbe herufi hizohizo zinatoa SAMAKI, MAKASI, MASIKA na MIKASA. Maneno matano, na hakuna hata moja la kuchimbua kamusini.

Vitenzi ndivyo vinavyozidisha balaa. Mtungaji wa somo la mwili anawaza nomino, lakini mwanafunzi ana vitenzi vyote kichwani, pamoja na viambishi vyake. KIFUA linageuka FUKIA, halafu KUFIA, na siku moja mwanafunzi aliniletea UKIFA. Sikuwa na la kumjibu. SHAVU linatoa VUSHA, KWAPA linatoa PAKWA. Kamusi haitakuokoa hapa, kwa kuwa haiorodheshi UKIFA kama neno la kujitegemea.

Namna ya kulipima neno kabla ya kuchapisha ni kuziandika herufi zake kwa mpangilio wa alfabeti. Mimi huuita ufunguo wa neno. DAMU ufunguo wake ni ADMU, na MUDA ni ADMU vilevile. Maneno mawili yenye ufunguo mmoja hayatofautishiki kwa herufi peke yake. Kwa hiyo huandika funguo za maneno yote ya somo, na kila neno jipya linalonijia kichwani nalilinganisha nazo. Mwisho nampa mwenzangu funguo tupu, bila vidokezo, aandike chochote anachokiona kwa dakika chache. Yeye hajui nilikuwa nataka neno gani, na hilo ndilo linalomfanya aone zaidi yangu.

Ukishajua neno lina mapacha, usikimbilie kulitupa. Lifunge kwa herufi moja uliyoipa nafasi yake, ila uichague herufi hiyo kwa akili. Wengi hutoa herufi ya kwanza kwa mazoea. Kwa DAMU, D ya mwanzo inaliondoa MUDA lakini DUMA linabaki. U ya mwisho ndiyo inayoacha DAMU peke yake. Kwa MATE, ambalo mapacha wake ni TEMA na META, herufi ya mwanzo inaliacha META likiwa bado hai, wakati E ya mwisho inafunga mlango. KAMASI ni kinyume chake: yale matano mwishoni yana I au A, lakini K ya mwanzo ni ya KAMASI tu. Na KIFUA? Yote manne yanaishia na A, na K ya mwanzo inaliruhusu KUFIA. Hapo inabidi utoe herufi ya pili, yaani _ I _ _ _, na hakuna jingine kati ya yale manne linaloingia.

Kidokezo kipo, lakini kinampeleka mwanafunzi kwa pacha

Kwa MATE nilikuwa nimeandika kidokezo hiki: "Majimaji ya kinywani, aghalabu hutemwa." Nikajiona nimemaliza kazi. Mwanafunzi mmoja akaandika TEMA. Nilipomwuliza, akaninyooshea kidole kwenye karatasi: "Mwalimu, umesema hutemwa." Alikuwa na haki yake. Niliweka mzizi wa neno pacha ndani ya kidokezo, naye akaufuata.

Tangu hapo nakikagua kila kidokezo kwa maswali mawili. La kwanza, je, aina ya neno inaonekana? Kama jibu ni nomino, kidokezo kiwe nomino na maelezo yake: "majimaji yanayolainisha chakula kinywani". Hakuna mwenye kuandika TEMA hapo. Kama jibu ni kitenzi, kidokezo kianze na kitenzi. La pili, je, kuna mzizi uliopenya? Kidokezo cha SIKIO kinachosema "kiungo cha kusikilizia" si kidokezo, ni jibu lililovaa kofia.

Kuna pia kidokezo kipana mno. "Kiungo cha usoni" ni SHAVU, MDOMO, SIKIO kwa anayehesabu pembeni, na vingine vingi. Pale ambapo herufi zimeandikwa, upana huo unaweza kusameheka kwa sababu herufi zinachuja. Kwenye jedwali la herufi, ambako orodha ya maneno haipo na kidokezo ndicho mwongozo pekee, mwanafunzi atatafuta MDOMO nusu saa nzima, na MDOMO hukuliweka. Kwa SHAVU sasa naandika: "Hutuna pande zote mbili ukipuliza puto (herufi 5)." Ile idadi ya herufi iwepo daima. Ndiyo inayomwambia mwanafunzi kwamba unataka SHAVU na si MASHAVU, jambo ambalo kidokezo chenye "pande zote mbili" kingeweza kulichafua.

Hakuna hata mmoja aliyelipata neno

Neno lililowakwamisha wote lilikuwa KISIGINO, nililoliandika G I I I K N O S. Kidokezo kilikuwa kizuri: "sehemu ya nyuma ya wayo". Walikijua kiungo chenyewe, wengine waliniwekea kidole hapo hapo mguuni, lakini neno halikuja. Ndiyo hali ya msamiati mpya: mtu anakijua kitu, jina bado halijakaa. Kwa hiyo zile herufi ndizo zilipaswa kumvusha, na nilikuwa sijawafundisha kuzisoma.

Herufi nane zenye I tatu zinaweza kupangwa kwa namna 6,720. Anayejaribu kwa kubahatisha atachoka. Lakini Kiswahili kina umbo, na umbo linakata hesabu hiyo haraka. Hatua ya kwanza ni kutenga irabu na konsonanti: I I I O upande mmoja, G K N S upande wa pili. Nne kwa nne. Neno la Kiswahili huishia kwa irabu, ukiacha maneno machache ya kigeni, na zikiwa sawasawa hivi umbo la kujaribu kwanza ni konsonanti-irabu mara nne. Kwa umbo hilo pekee, mipangilio inashuka kutoka 6,720 hadi 96.

Hatua ya pili ni kutafuta kiambishi cha ngeli. Kuna K na I, na majina ya viungo yanayoanza na KI ni mengi: kichwa, kifua, kidole, kiganja, kiwiko. Weka KI mwanzo. Zimebaki G N S na I I O, zenye mipangilio 18. Sasa mwanafunzi anaweza kuisoma kwa sauti, moja baada ya nyingine, na sikio lake litashtuka kwenye ile anayoifahamu: kinisigo, kigisino, kisigino. Hapo ndipo wengi husema "ahaa".

Njia hii ina mpaka wake. N na G zinaweza kukaa pamoja, na M nayo hukaa mbele ya konsonanti nyingine bila irabu katikati. Dalili utaiona kwenye hesabu: konsonanti zikizidi irabu, kuna mahali zimeambatana. K M N O O ina konsonanti tatu na irabu mbili, na M ipo. Iweke mwanzo isimame yenyewe kama silabi, na MKONO linajitokeza. A C H I K W nayo ina konsonanti nne kwa irabu mbili. C katika Kiswahili haitembei bila H, basi CH ni kitu kimoja. W hupenda kufuata konsonanti nyingine. Unabaki na KI na CHWA. Kwa wanaoanza, mimi siitenganishi CH, SH, NY wala NG' kabisa. Naziandika katika kisanduku kimoja, maana zinawakilisha sauti moja, na kumtaka mtoto mdogo aunganishe tena alichokijua kikiwa kizima ni kumpa kazi isiyo ya msamiati.

UNYAYO lina tabia yake. Herufi ni A N O U Y Y, na wanafunzi wengi hupata NYAYO halafu wanashangaa U imebaki. Wasiifute. Ile U iliyobaki ndiyo umoja: unyayo mmoja, nyayo mbili, kama ufunguo na funguo. Nimeliacha neno hili kwenye karatasi kwa makusudi, kwa sababu herufi moja inayobaki inafundisha ngeli kuliko mimi nikisimama ubaoni.

Kama bado darasa zima linakwama, vuruga silabi badala ya herufi. NO-GI-KI-SI ina mipangilio 24 tu. Ni rahisi mno kwa waliobobea, lakini kwa neno wanalokutana nalo mara ya kwanza inatosha.

Jedwali limekwisha kwa dakika nne na vidokezo havijasomwa

Hii inawafurahisha wanafunzi, kwa hiyo si rahisi kuiona kama kasoro. Kaa nyuma ya mmoja wao umtazame macho. Kama hatazami vidokezo hata mara moja, jedwali linajifichua lenyewe.

Nilichofanya mimi ni kujazia visanduku vilivyobaki kwa herufi zozote 26 za kibodi. Maneno yangu 10 yana herufi 54, na jedwali lina visanduku 144, hivyo 90 vilibaki vya kujazia. Katika herufi 26, irabu ni 5, kwa hiyo ndani ya 90 hizo unapata irabu kama 17. Lakini ndani ya maneno yenyewe irabu ni 25 kati ya 54, karibu nusu. Matokeo yake maneno yanaonekana kama madoa ya irabu katikati ya msitu wa konsonanti. Juu ya hapo Q na X, ambazo Kiswahili hakizihitaji, zinachukua visanduku kama saba, na kila kimoja kinamwambia mwanafunzi: hapa pita, hakuna kitu.

Dawa ni kujazia kwa herufi za maneno yenyewe. Andika herufi zote 54 kwenye vipande vya karatasi, ziweke kwenye bakuli, chota moja, iandike, irudishe, chota tena. Kwa namna hiyo irabu zitafika kama 42 kati ya 90, na mchanganyiko utafanana na wa maneno. Angalia C peke yake. Katika maneno yangu iko moja tu, kwenye KICHWA, na ikiwa jedwali zima lina C moja, mwanafunzi anaiona kabla hajakaa vizuri. Panda CH nne au tano nyingine hapa na pale. Na panda vichwa vya maneno visivyo na mkia: KISI inayoishia L, KIFU inayofuatwa na E, MKO inayokwama kwenye S. Hivyo ndivyo vinavyomlazimisha mtu arudi kwenye kidokezo.

Ukiorodhesha maneno chini ya jedwali, yote hayo hayasaidii sana. Mwanafunzi anatafuta umbo la KWAPA kama anavyotafuta picha, na anaweza kulizungushia bila kujua liko wapi mwilini. Kwangu mimi orodha ni ya wanaojifunza kusoma herufi. Kwa msamiati, weka vidokezo na idadi ya herufi, basi.

Neno limezungushiwa mahali ambapo hukuliweka

Zamani nilikuwa naweka PUA. Siku ya kusahihisha nikakuta wengine wameizungushia kona ya chini kushoto, na mimi niliiweka juu. Zote mbili zilikuwepo. Ya chini ilijitunga yenyewe kutoka kwenye herufi za kujazia.

Si ajabu ukihesabu. Kwenye jedwali la 12 kwa 12, neno la herufi tatu lina nafasi 120 za mlalo, 120 za wima, na 100 kwa kila mshazari kati ya miwili. Jumla 440, na ukiruhusu kusoma kinyumenyume ni 880. Tuseme unajazia kwa herufi 15 zenye uzito sawa: mpangilio wa herufi tatu ni mmoja kati ya 3,375. Kwa nafasi 880, utakuta PUA ya bahati nasibu katika karibu jedwali moja kwa kila manne. Neno la herufi tano, kwa kadirio hilohilo, halifiki jedwali moja katika elfu. Kwa hiyo PUA, KOO, INI na USO nimeziondoa kwenye jedwali; zinafaa kwenye maneno yaliyovurugwa tu, ingawa PUA huko nako ina pacha wake PAU. Kama huwezi kuziacha, ruhusu mlalo na wima tu bila kinyumenyume. Nafasi zinashuka hadi 240.

Mambo madogo yanayoharibu karatasi nzuri

Mishazari hainyooki baada ya kuchapisha: uliandika herufi mfululizo ukaacha nafasi kati yake, na I ni nyembamba kuliko M. Tumia jedwali lenye mistari, kila herufi na kisanduku chake.

Neno lililovurugwa halitoki kabisa hata kwako: hesabu herufi. Mara nyingi ni A moja ya KAMASI iliyodondoka wakati wa kunakili. Ukiandika ufunguo wa alfabeti badala ya kuvuruga kwa kichwa, AAIKMS, kosa hilo linaonekana papo hapo. Pia unaepuka ile aibu ya "kuvuruga" MATE ikatoka META, neno zima tayari.

Na kuna hili la kuvuka. Neno liko kwenye majibu yako, kidokezo ni sahihi, lakini kwenye jedwali halipo. Niliweka KIFUA mlalo, mstari wa 7, kuanzia safu ya 2 hadi ya 6. Halafu nikashusha SHAVU wima, likianzia mstari wa 3 na kuishia wa 7, ili U yake ikutane na U ya KIFUA kwenye safu ya 5. Nikateleza safu moja. U ya SHAVU ikaangukia safu ya 6, juu ya A. Darasa zima lilitafuta KIFUA bila mafanikio, na mimi nilikuwa nawaambia watazame vizuri, lipo. Mwishowe msichana mmoja akainua mkono: "Mwalimu, kifua hakipo, ila hapa kuna kifuu. Kifuu nacho ni kiungo cha mwili?"